Kukata nywele za afro na manyoya ya kofia bila kuacha ukungu wa kijivu pembeni

Wakuu, kazi ya kumtoa mtu kwenye picha moja na kumweka kwenye picha nyingine siku zote inafia sehemu moja, kwenye nywele. Mwili, mikono, nguo, hivyo vyote mtu anakata vizuri tu na Pen Tool, ila ukifika kichwani unakuta dada wa watu kavalishwa kofia ngumu, afro yote imelainishwa pembeni kama imekatwa na mkasi, au nywele zimebaki zote lakini zina ukungu wa kijivu umezizunguka na kila anayepita anajua huyu kabandikwa. Naomba leo nieleze kwa kirefu namna ya kuifanya, natumia Photoshop ila kama unatumia Photopea kwenye brauza nayo ina chaneli, Levels na maski kwahiyo mengi yatakwenda sawa.

Tuchukue kazi moja tutembee nayo. Kampuni ya kupandisha wageni mlimani inataka bango, dada kapigwa picha studio na bakgraundi ya kijivu cha kawaida, ana afro nyeusi ameiachia, na kavaa jaketi la baridi ambalo kofia yake imelala mgongoni na ina manyoya feki rangi ya krimu yanazunguka shingo na mabega. Anatakiwa awekwe juu Kibo alfajiri, jua linachomoza nyuma yake upande wa Mawenzi. Ukiipanga picha utaona afro yote inaangukia angani, manyoya ya bega la kulia yanaangukia kwenye anga la machungwa, na manyoya ya bega la kushoto yanaangukia kwenye mwamba wa Mawenzi ambao bado ni mweusi. Hilo la mwisho likumbuke maana ndo litakaloleta shida.

Kabla hujagusa chochote

Omba picha halisi ilivyotoka kwenye kamera, raw ikiwezekana. Ukitumiwa WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, asiitume kama picha, kwa sababu ikienda kama picha inapunguzwa saizi na kubanwa, na kinachokufa kwanza ni vile vinywele vyembamba, vinageuka vijiboksi, halafu chaneli ya buluu ndo inaharibika zaidi kuliko zote. Hakuna maski itakayorudisha unywele ambao haupo.

Kingine, punguza imani kwenye ile mistari inayotembea ukishafanya seleksheni. Mistari ile inapita pale tu ambapo pikseli imechaguliwa kuanzia nusu kwenda juu, ikiwa chini ya hapo haionyeshwi kabisa, na unywele mwembamba karibu wote uko chini ya nusu. Yaani unaweza ukaangalia mistari ukasema nywele hazijachaguliwa kumbe zimo, au ukaona imetulia vizuri kumbe bakgraundi nayo imeingia kidogo kidogo. Nywele zinahukumiwa kwa kuangalia maski yenyewe kwa nyeusi na nyeupe, basi.

Gawanya mtu vipande vitatu

Hapa ndo kiini cha habari yote. Wengi wanataka maski moja, zana moja, mara moja, wanaingia Select and Mask wanaburuta Radius wanatoka. Ile ina kazi yake, nywele ndefu zilizonyooka kwenye bakgraundi safi inazitoa vizuri. Lakini huyu dada ana kingo za aina tatu. Afro ni nyeusi kuliko bakgraundi, manyoya ni meupe kuliko bakgraundi, na jaketi na uso vina kingo kali ambazo hazitaki ulaini wowote. Mpangilio mmoja ukizifaa nywele utaharibu manyoya, ukifaa manyoya utalainisha shavu. Kwahiyo tunatengeneza chaneli tatu, nywele peke yake, manyoya peke yake, mwili peke yake, halafu tunaziunganisha mwishoni.

Fungua paneli ya Info (F8), pitisha mausi juu ya picha usome namba. Kwenye picha yetu bakgraundi inasoma kama 185 kwenye chaneli zote tatu, ndo maana ni kijivu. Afro inasoma nyekundu 30, kijani 24, buluu 20. Manyoya yanasoma 220, 205, 180. Sasa angalia tofauti. Afro na bakgraundi wameachana mbali popote pale, ila kwenye buluu ndo mbali zaidi. Manyoya kwenye nyekundu yameachana na bakgraundi kwa 35, kwenye kijani 20, kwenye buluu 5 tu, yaani kwenye buluu manyoya na ukuta ni kitu kimoja. Kwahiyo nywele tunazitoa kwenye buluu na manyoya tunayatoa kwenye nyekundu. Usikariri hizi chaneli, ukipata bakgraundi ya kijani au manyoya ya kahawia majibu yanabadilika, pima mwenyewe kila picha. Unaweza pia kuziangalia kwa macho, Ctrl+3, Ctrl+4 na Ctrl+5 zinakuonyesha nyekundu, kijani na buluu, Ctrl+2 inakurudisha kwenye rangi.

Chaneli ya nywele

Nenda paneli ya Channels, buruta Blue mpaka kwenye kitufe cha chaneli mpya chini, utapata Blue copy, hiyo ndo utakayoichezea, usiguse Blue yenyewe maana utabadilisha rangi ya picha nzima. Bonyeza Ctrl+I igeuke, nywele ziwe nyeupe na ukuta uwe mweusi. Baada ya kugeuza bakgraundi itasoma 70 na katikati ya afro itasoma 235.

Fungua Levels kwa Ctrl+L. Kislida cheusi kipeleke palepale bakgraundi ilipo, tuseme 72, na cheupe kilete mpaka palipo na nywele nzito, tuseme 225, cha katikati kiache 1.00. Usizidishe. Unajua kwa nini nasisitiza? Chukua unywele mmoja wa pembeni unaosoma 110. Kwa mpangilio huo utatoka kama 63, ambayo ni robo ya nyeupe, na kweli ule unywele unafunika karibu robo tu ya pikseli yake, robo tatu zilizobaki ni ukuta unaoonekana nyuma yake. Maski imesema ukweli. Sasa wewe ukitaka ukuta uwe mweusi tii kwa haraka ukasukuma kislida cheusi mpaka 120, ule unywele umekufa, na wenzake wote wa saizi ile wamekufa, hapo ndo ile kofia ngumu inapozaliwa. Afro pembeni haina mstari, inapungua msongamano taratibu, kuna vikunjo vinatoka nje na matundu unayoona ukuta ndani yake, na vyote hivyo kwenye maski vinatakiwa vibaki kijivu cha viwango tofauti.

Changamoto ni kwamba ukuta wa studio hauko sawa kila mahali. Kona ya kushoto taa haijafika vizuri, ukuta unasoma 160 badala ya 185, kwahiyo baada ya kugeuza na Levels pale panabaki kijivu. Hapo usirudi Levels. Chukua brashi laini, rangi nyeusi, Mode ya brashi weka Overlay, Opacity 15 mpaka 20, pitisha kwenye ule ukuta uliobaki. Overlay inazigusa sana zile kijivu za giza na inaziacha karibu zilivyo zile nyeupe, kwahiyo ukuta unazama na unywele unabaki. Ila pitisha mara moja mbili uangalie, ukiendelea kusugua hata vinywele vya kijivu navyo vitazama.

Utaona pia ndani ya afro kuna madoa meusi. Ni ile mng'ao wa taa kwenye mikunjo, ule mng'ao unasoma karibu na rangi ya ukuta kwahiyo chaneli inadhani ni tundu. Katikati ya kichwa jaza nyeupe na brashi ya kawaida bila kuogopa, ila ukikaribia pembeni kama upana wa kidole kutoka ukingoni badilisha uende na Overlay nyeupe, Opacity ileile ndogo, kwa sababu huko mengine ni matundu kweli na lazima anga lionekane ndani yake. Ukishindwa kujua kipi ni mng'ao na kipi ni tundu rudi Ctrl+2 uangalie picha ya rangi, mng'ao unafuata mkunjo wa nywele, tundu ni kijivu bapa kama ukuta.

Malizia kwa kujaza nyeusi kila kitu kisichokuwa nywele, uso, shingo, jaketi, vyote nje. Ipe jina NYWELE.

Chaneli ya manyoya

Buruta Red upate Red copy, hii usiigeuze kwa sababu manyoya tayari ni meupe kuliko ukuta. Levels, cheusi kwenye 187, cheupe kwenye 222. Ni nafasi nyembamba sana, kwahiyo chenga chenga za picha zitaonekana, na hiyo ni kawaida, zilizoko kwenye ukuta zizamishe na Overlay nyeusi kama tulivyofanya.

Bega la kulia ambako taa ilipiga litatoka zuri, kila ncha utaiona. Bega la kushoto halitatoka, na hapa naomba uelewe sababu usije ukapoteza saa nzima unatafuta chaneli ambayo haipo. Kwenye kivuli manyoya yanatoka 220 yanashuka mpaka 150, na katika kushuka lazima yapite 185, palepale ulipo ukuta. Pale yanapopita hapo hakuna tofauti yoyote ya kutenganisha, ncha na ukuta ni namba moja. Ukiona kwenye chaneli manyoya yanakatika katikati, kipande kipo kipande hakipo, ujue ndo hapo.

Sehemu hiyo inachorwa kwa mkono. Jaza nyeupe kwenye mwili wa manyoya mpaka karibu na mzizi wa zile ncha, halafu chukua Smudge Tool, brashi ya pikseli 3 au 4, Strength 80 hivi, anzia ndani ya nyeupe uvute kwenda nje kwenye nyeusi, mkono mwepesi, kila mvuto unatoa uzi mmoja unaofifia wenyewe mwishoni. Fuata upande manyoya yanakolala, yale ya juu ya bega yanapanda, ya chini yanaanguka. Changanya urefu, mengine mafupi, mengine marefu, mawili matatu yapishane, kwa sababu manyoya feki hukaa kwa mafungu mafungu, yakitoka yote saizi moja kwa umbali mmoja jicho linakamata hapohapo. Mwenye kalamu ya kuchorea afanye kwa brashi ya pikseli 2 yenye Pen Pressure, inakuwa nzuri zaidi. Unaangalia bega la kulia lililotoka lenyewe, unaiga msongamano wake.

Jaza nyeusi pengine pote, iite MANYOYA.

Mwili na kuunganisha

Mwili ni Pen Tool, sina mengi. Zunguka uso, mikono, jaketi, na ukifika kwenye nywele na manyoya pita ndani kabisa kwenye sehemu nzito isiyo na matundu, usifuate ukingo. Make Selection, Feather Radius 0.5, ihifadhi kama chaneli, MWILI.

Sasa shika Ctrl bonyeza kijipicha cha MWILI, halafu Ctrl+Shift bonyeza NYWELE, Ctrl+Shift bonyeza MANYOYA, zote tatu zinajumlishwa. Rudi kwenye leya ya dada, weka maski ya leya. Alt na bonyeza kwenye maski uione peke yake, tafuta michirizi ya kijivu pale vipande vinapokutana, hasa nyuma ya sikio na pale afro inapogusa manyoya, ijaze nyeupe. Kuza picha iwe 100% unapokagua. Kwenye 33% kila maski ni nzuri.

Ukungu wa kijivu, na kwa nini maski haiwezi kuutoa

Hapa ndo watu wengi wanakwama. Umeweka mlima nyuma, maski ni safi kabisa, lakini afro ina utando wa kijivu pembeni na bega la kushoto kwenye mwamba wa Mawenzi lina mstari uliopauka. Mtu anarudi kwenye maski anaanza kuibana ndani, anakula nywele, na kijivu kinabaki.

Tatizo halipo kwenye maski, lipo kwenye rangi ya pikseli yenyewe. Kamera iliporekodi ule unywele mwembamba ilichanganya unywele na ukuta ikatoa rangi moja. Hesabu yake hii hapa:

```
C = a × F + (1 − a) × B
```

F ni rangi ya nywele, B ni rangi ya ukuta, a ni kiasi unywele ulichofunika. Chukua pikseli ambayo unywele umefunika 0.4, nywele 25, ukuta 185. Inakuwa 10 kutoka kwenye nywele na 111 kutoka kwenye ukuta, jumla 121. Maski yako imesema kweli kwamba hapa onyesha asilimia 40, lakini inaonyesha asilimia 40 ya 121, wakati ilitakiwa ionyeshe asilimia 40 ya 25. Ukuta wa studio umesafiri na nywele mpaka mlimani. Kwahiyo dawa ni kubadilisha rangi, maski iache.

Tengeneza leya mpya tupu juu ya dada, ibane kwake kwa Alt+Ctrl+G ili rangi isitoke nje ya maski. Mode iwe Darken. Shika Alt uchukue rangi ya afro, sio ile nyeusi kabisa ya katikati, chukua karibu na ukingo lakini ndani, kama 42, 34, 29. Paka kwa brashi laini kuzunguka ukingo wote wa nywele. Darken inabadilisha tu pikseli zilizo nyeupe kuliko rangi unayopaka, kwahiyo 121 inashuka na nywele nyeusi zinabaki. Usiingie ndani sana utaua mng'ao wa mikunjo. Na utashangaa, vinywele ambavyo ulidhani havipo vinatokea, vilikuwepo muda wote ila rangi yao ilikuwa inafanana na anga.

Kwenye manyoya kinyume chake. Leya nyingine imebanwa, Mode Normal, rangi ya krimu ichukue ndani ya manyoya ya upande uleule, ya kivuli kwa bega la kushoto na ya mwanga kwa la kulia, paka zile ncha. Ukipaka krimu ya mwanga kwenye kivuli, juu ya mwamba mweusi itawaka utadhani kuna taa. Na zile ulizovuta kwa Smudge zote zinahitaji kupakwa, kwa sababu chini yake kuna rangi ya ukuta mtupu, pale hapakuwa na manyoya.

Kile kitufe cha Decontaminate Colors ndani ya Select and Mask kinajaribu kufanya hichihichi chenyewe, kinavuta rangi ya ndani kuileta nje. Kwa nywele zilizonyooka kinasaidia, ila kwenye sehemu nywele na manyoya zinapokutana kinavuta krimu kuileta kwenye nywele, ndo maana mimi hapa napaka kwa mkono.

Mwanga wa jua la nyuma

Ukiishia hapo amekatwa vizuri ila bado hajafika mlimani. Jua liko nyuma yake upande wa Mawenzi, na nywele ndo kitu cha kwanza kinachopitisha mwanga. Duplicate picha ya mlima, ilete juu ya dada, ibane kwake, Gaussian Blur pikseli 15 mpaka 20, Mode Screen, halafu ipe maski nyeusi na ufunue kwa brashi laini kwenye kingo za afro na manyoya tu, Opacity 20 hivi. Upande jua linakotokea ongeza leya nyingine ya Linear Dodge (Add) na rangi ya machungwa iliyokolea, paka kidogo mno kwenye ncha za nje za afro, upana wa vikunjo viwili vitatu. Bega lililoko mbele ya mwamba usiliwekee anga, pale nyuma yake hakuna mwanga wa kupita, kwahiyo libaki na giza lake la buluu.

Mwisho linganisha ukali. Picha ya mlima kama ina chenga kidogo na dada ni msafi wa studio, mwekee Add Noise ndogo kwenye leya iliyobanwa, uliyoijaza 50% Gray na Mode Overlay, mpaka vifanane ukiwa kwenye 100%. Na kama afro ya nyuma ilikuwa nje ya fokasi kwenye picha ya studio, acha maski yake iwe laini hivyohivyo, ukiikaza kwa Levels utapata unywele wenye ukungu ndani na ukingo mkali nje, kitu ambacho kamera haiwezi kupiga.

Kabla hujampelekea mteja, weka chini yake leya ya rangi tupu, kwanza nyeusi halafu nyeupe. Kwenye nyeusi unaona kijivu kilichobaki kwenye manyoya, kwenye nyeupe unaona nywele zilizokatika, na kila utakachokiona hapo rekebisha kwenye leya yake husika, cha rangi kwenye rangi na cha umbo kwenye maski.